Jua la Kando ya Ziwa na Vijana Wetu wa Mpira

Maneno ya mhamasishaji wa jamii mbele ya makocha, wazazi na kamati ya vijana, kabla ya timu kushuka Rumonge kwa mechi za kirafiki. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mmeshasikia kwamba timu ya wavulana na timu ya wasichana wenye umri chini ya miaka 16 zitashuka Rumonge mwanzo wa Septemba, kabla shule hazijafunguliwa. Kamati imeniomba niseme juu ya joto na maji ya kunywa. Najua baadhi yenu mnasema moyoni: sisi ni watu wa ziwa, tumezaliwa Baraka, Uvira, Mboko, jua la Tanganyika tunalijua tangu tumbo la mama. Hiyo ni kweli kwa ninyi mliokuja wakubwa. Lakini watoto tunaowapeleka wengi wamekulia huku milimani. Miili yao ni miili ya milimani. Mtoto hairithi kutoka kwa baba yake uwezo wa kuvumilia joto. Mwili unaujenga wenyewe kwa kulizoea joto, na ukikaa majuma machache mahali pa baridi unaupoteza.

Tuangalie kwanza mahali penyewe. Gitega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Tanganyika yako karibu mita 774. Kwa hiyo mtu akitoka milimani mpaka Rumonge anashuka mita mia saba na zaidi, na kila anaposhuka joto linaongezeka. Huku kwetu mchana wa kawaida hewa ni nyuzi 24 au 25. Kule bondeni Imbo, mwezi wa Septemba, inafika nyuzi 30 na kupita. Jua nalo halikai mahali pamoja mwaka mzima. Wakati wa kiangazi, Juni na Julai, linapita upande wa kaskazini. Baadaye linarudi, na mwanzo wa Oktoba linapita juu ya utosi kabisa hapo Rumonge. Ndiyo maana wenyeji wanasema Septemba na Oktoba ndiyo miezi inayochoma.

Kuna jambo la pili ambalo ni hatari kuliko jua, nalo ni unyevu wa hewa. Mama zetu waliouza ndagala watanielewa upesi. Ukianika ndagala ufukweni wakati wa kiangazi, jioni zimekauka. Ukizianika mvua zinapokaribia, jua linawaka vilevile lakini ndagala zinabaki mbichi na zinaanza kunuka. Jua ni lile lile, ila hewa imeshiba maji na haiwezi kupokea mengine. Jasho letu ni hivyo hivyo. Jasho halipozi mwili kwa sababu linatoka. Linapoza mwili linapokauka juu ya ngozi na kuondoka na joto. Mtoto ambaye jasho linamchuruzika mpaka kwenye viatu, shati limeganda mgongoni, huyo anapoteza maji bure na mwili wake haupoi.

Nitawapa mfano wa watu wazima tena mabingwa. Mwaka 2019 mashindano ya dunia ya riadha yalifanyika Doha, nchi ya Katari. Kwa kuogopa jua, marathoni ya wanawake ilianzishwa karibu na saa sita ya usiku. Jua halikuwapo. Lakini hewa ilikuwa na joto zaidi ya nyuzi 30 na unyevu mwingi wa bahari. Walianza wanawake 68, na 28 kati yao hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2 na dakika 32, mwendo ambao kwake ni wa polepole, kwa maana alijua kwamba usiku ule aliyekimbia kwa kasi yake ya kawaida angeanguka. Kwa hiyo kocha asiniambie kwamba kukiwa na mawingu hakuna hatari. Mawingu pamoja na hewa nzito ya ziwa ni joto vilevile.

Sasa mwili unazoea namna gani? Mtu akifanya mazoezi kila siku mahali pa joto, baada ya siku kumi mpaka kumi na nne mwili wake umebadilika. Damu inaongezeka maji, moyo haupigi mbio kama mwanzo, jasho linaanza mapema na linatoka kwa wingi zaidi, na chumvi inayotoka nalo inapungua. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo inapatikana katika juma la kwanza, lakini kwa watoto inachukua muda zaidi kuliko kwa wakubwa. Siku zinazoua ni zile za mwanzo, hasa tatu au nne za kwanza, ambapo kijana ana nguvu zake zote za milimani na hamu ya kuonekana, na mwili wake bado haujajua uko wapi.

Lingekuwa jambo jema timu ifike Rumonge siku kumi kabla ya mechi. Hatuna fedha za kuwalisha na kuwalaza siku kumi, wala kibali cha kutoka kambini hakitolewi kwa muda huo kwa ajili ya mpira. Tutafika Ijumaa na tutacheza Jumamosi na Jumapili. Maana yake tutacheza bila kuzoea, na lazima mpira wenyewe upunguzwe ulingane na hali hiyo. Tumekubaliana na wenyeji wetu mambo haya. Kila kipindi kitakuwa dakika 25, si 40. Katikati ya kila kipindi mwamuzi atasimamisha mchezo dakika tatu, watoto waingie kivulini na kunywa. Mapumziko ya katikati yatakuwa dakika 15. Kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, na aliyetoka anaweza kurudi. Wako watakaosema huo si mpira. Lakini hata katika Kombe la Dunia la mwaka 2014 kule Brazili, mechi ya Uholanzi na Meksiko mjini Fortaleza ilisimamishwa na mwamuzi ili wachezaji wanywe maji, na wale walikuwa wanaume wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Huku nyumbani, majuma mawili kabla ya safari, mazoezi yahamie saa tisa ya mchana, wakati joto letu liko juu. Siku mbili za kwanza dakika 40 tu za mchezo mwepesi, kisha muongeze kidogo kidogo mpaka saa moja na nusu. Haitakuwa sawa na Rumonge, lakini inasaidia kwa sehemu. Neno moja kali hapa: nimeona vijana wakivaa makoti ya nailoni, au kujifunga mifuko ya plastiki tumboni, wakiamini wanajizoesha joto. Huko ni kumpika mtoto. Kocha akimwona mwenye koti, amvue.

Saa za kucheza hazihitaji chombo cha kupima. Mwambie mtoto asimame wima na aangalie kivuli chake. Kivuli kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, jua liko juu mno kwa mbio. Kwa Rumonge mwezi wa Septemba, kivuli kinakuwa kifupi kuliko mtu kuanzia karibu saa tatu ya asubuhi mpaka karibu saa tisa ya mchana. Mechi zetu zitaanza saa moja asubuhi na saa kumi jioni. Mimi napenda zaidi ile ya asubuhi, kwa sababu jioni ardhi yenyewe bado inatoa joto la mchana, hasa kiwanja kisicho na majani. Asubuhi hewa ya ziwa ni nzito, hilo nalo mlijue, na mchezaji asidanganywe na ubaridi wa upepo.

Nije kwenye maji. Watu wengi wanataka wapewe kipimo kimoja kwa kila mtoto. Hakuna kipimo kimoja, lakini kuna njia ya kukipata, na tumeshaifanya. Tuliazima mizani ya wauguzi, tukapima vijana kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi, wakiwa na kaptura tu, jasho limepanguswa. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji iliyotoka.

Chukueni kijana mmoja wa miaka 15, jina lake silitaji. Huku kambini alianza na kilo 48. Katika saa moja na nusu alikunywa nusu lita. Mwisho alikuwa na kilo 47 na gramu 400. Amepungua gramu 600, na ile nusu lita aliyokunywa nayo imetoka, kwa hiyo jasho lake lote ni lita 1 na sehemu moja ya kumi, yaani lita moja na kikombe kidogo. Alikuwa salama. Mwaka uliopita kijana huyo huyo alipimwa Rumonge baada ya mazoezi ya muda ule ule. Alianza na kilo 48, akanywa nusu lita, akamaliza na kilo 47 kamili. Jasho lilikuwa lita moja na nusu. Amepungua kilo moja katika 48, yaani sehemu mbili katika kila mia ya uzito wake. Hapo ndipo mpaka ulipo. Mtoto akipita hapo moyo unaanza kupiga haraka, joto la mwili linapanda upesi, miguu inakuwa mizito na kichwa kinauma. Kwake yeye, nusu lita iliyotosha huku milimani haikutosha kule.

Kwa hiyo kijana wa namna hiyo kule Rumonge anahitaji karibu lita moja kwa saa ya mchezo. Vikombe vyetu vya plastiki ni vya robo lita. Anywe kikombe kimoja kila dakika 20 hivi, na kikombe kimoja au viwili nusu saa kabla ya kuanza. Watoto wadogo, wa miaka 9 mpaka 12, nusu kikombe mpaka kikombe kimoja kila dakika 20 kinawatosha. Wakubwa wanaotoka jasho sana watataka zaidi, wapewe.

Usingoje mtoto aseme ana kiu. Katika mchezo anasahau. Lakini pia usimlazimishe kunywa mpaka tumbo linajaa. Watu wamekufa kwa kunywa maji mengi kupita kiasi katika mbio ndefu, kwa sababu maji yanayeyusha chumvi ya damu na ubongo unavimba. Mtoto akipimwa baada ya mchezo akawa na uzito zaidi ya alioanza nao, amekunywa kupita kiasi. Akiwa ametapika, kichwa kinamuuma na amevimba vidole, msimpe maji mengine, mpelekeni kituo cha afya mkaeleze kwamba amekunywa sana.

Njia nyepesi ya kujua kama mtoto anaanza siku akiwa na maji mwilini ni mkojo wa asubuhi. Ukiwa mweupe au manjano hafifu ni vizuri. Ukiwa na rangi ya chai, huyo mtoto ameshapungukiwa hata kabla ya kugusa mpira. Kocha awaulize bila aibu, na kwa wasichana aulize mama anayesafiri nao. Nimeambiwa na akina mama kwamba wako wasichana wanaokataa kunywa safarini kwa sababu hawajui watajisaidia wapi. Basi jambo la kwanza mkifika kiwanjani ni kuwaonyesha choo kilipo.

Juu ya chumvi: kwa mchezo wa saa moja maji matupu yanatosha, mradi mtoto amekula. Ugali na ndagala zina chumvi ya kutosha. Vidonge vya chumvi msiwape. Ile pakiti ya dawa ya kuharisha inayochanganywa na lita moja ya maji muiweke kwenye sanduku kwa ajili ya mtoto aliyetapika au mwenye kubanwa na misuli, si kinywaji cha kila mtu. Mkikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi hapo.

Na maji yenyewe yatoke wapi? Hapa nitasema wazi. Ziwa liko hatua chache kutoka kiwanjani, linang'aa, na watoto watataka kuinama na kunywa. Kipindupindu kimeshapiga Rumonge na vijiji vya ufukweni mara nyingi. Maji ya ziwa ni ya kumwagia mwili, si ya kunywa. Maji ya kunywa yatachukuliwa kwenye bomba, yatiwe kidonge cha klorini kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yake, yakae nusu saa bidoni ikiwa imefungwa. Kila mtoto ana kikombe chake chenye jina. Hakuna kutumbukiza kikombe ndani ya bidoni. Mtu mmoja anamimina.

Nimepiga hesabu. Vijana 18 na makocha wawili, kwa mechi moja na muda wa kabla na baada, ni lita 40, yaani bidoni mbili za lita 20. Ongeza bidoni nne za kupozea, nitakazoeleza sasa hivi. Bidoni sita kwa kila mechi. Hapa kambini kipimo kinachokusudiwa ni lita 20 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo bidoni sita ni maji ya watu sita kwa siku nzima. Ndiyo maana nimeomba kamati ya maji iweke bidoni za mazoezi pembeni katika yale majuma mawili ya hapa nyumbani, ili mama asitumwe kutoa maji ya kupikia kwa ajili ya mpira.

Sasa jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu. Ni kiharusi cha joto, pale joto la mwili linapopita nyuzi 40 na ubongo unaanza kuharibika.

Mtoto aliyechoka kwa joto anasema kichwa kinauma, anaona kizunguzungu, anataka kukaa. Lakini ukimuuliza jina la kocha, matokeo ya mechi, anajibu sawasawa. Huyo mlaze kivulini, miguu juu, mvue viatu, mpe maji kidogo kidogo, na leo hachezi tena. Mwenye kiharusi cha joto ni mwingine. Akili yake imechanganyika. Anakimbilia goli lisilo lake, anauliza swali moja mara tatu, anatukana watu ambao hajawahi kuwatukana, anapepesuka kama mlevi, kisha anaanguka. Ninyi mnajua kitakachosemwa hapo: malaria imempanda kichwani, au kuna mtu amemfanyia kitu. Kijana aliyekuwa akikimbia juani, akachanganyikiwa ghafla, chukueni kwanza kwamba ni joto. Kama ni malaria, muuguzi ataipima baadaye, na kumpoza hakutamdhuru.

Zamani tulifundishwa kwamba mwenye kiharusi cha joto ana ngozi kavu. Hilo ni kweli kwa mzee aliyekaa ndani ya nyumba ya joto siku mbili. Kijana aliyeangushwa na mazoezi mara nyingi bado ametota jasho. Msingoje ngozi ikauke.

Hapo muda ni mfupi. Mkimpoza ndani ya nusu saa, karibu wote wanapona. Huko Falmouth, nchini Marekani, kuna mbio za barabarani za kila mwaka wakati wa joto, na waganga wanaweka mabeseni makubwa ya maji ya barafu pale mwisho wa mbio. Katika miaka 18 waliowahesabu, watu 274 walipatwa na kiharusi cha joto, na wote 274 walipona. Nchi hiyo hiyo, mwaka 2001, mchezaji mkubwa wa mpira wa Kimarekani, Korey Stringer, mwenye miaka 27, alianguka mazoezini. Alipofikishwa hospitali joto la mwili wake lilikuwa limepita nyuzi 42, na alikufa usiku ule. Alikuwa na gari na hospitali karibu. Alichokosa ni maji ya baridi mwilini pale pale alipoanguka.

Kwa hiyo poza kwanza, safirisha baadaye. Sisi hatuna barafu wala beseni, lakini tuna shitingi. Tandikeni shitingi kivulini. Mlazeni mtoto katikati akiwa amevuliwa jezi, soksi na viatu. Kwa msichana, mama wa timu ndiye anayemvua, na nguo za ndani zinabaki. Watu sita washike kingo na kuziinua mpaka hapo katikati pawe kama mtumbwi. Mimineni bidoni nne. Mtu mmoja akae nyuma ya kichwa, amshike chini ya kwapa, kazi yake ni moja tu, uso usiingie majini. Mwingine ayatikise maji bila kuacha, kwa kuwa maji yaliyotulia karibu na ngozi yanapata joto na hayapozi tena. Maji ya ziwa si baridi, ni kama nyuzi 25 au 26, lakini kwa mwili wenye nyuzi 41 hayo ni baridi ya kutosha. Kwa sababu si ya barafu, msimtoe haraka. Endeleeni angalau robo saa, mpaka aanze kutetemeka au azungumze akili timamu. Hapo ndipo gari liondoke, naye amelala kwa ubavu, akiendelea kupepewa na kitenge kilicholowa.

Maji yakiwa machache, loweni vitenge, mmfunike mwili wote kuanzia shingo mpaka miguu, mvibadilishe kila baada ya dakika moja au mbili, na watu wawili wampepee kwa nguvu. Si sawa na shitingi, lakini ni bora mara nyingi kuliko kumbeba juani mpaka dispensari. Kitambaa kimoja kilicholowa juu ya paji la uso hakitoshi.

Msimpeleke kumzamisha ziwani. Mawimbi yatawanyang'anya, na maeneo mengine ya ufukwe huo yana mamba na viboko. Chote maji, mje nayo. Asiye na akili timamu msimnyweshe kitu, atapaliwa. Na msimpe parasetamoli. Joto hili si homa, dawa hiyo hailishushi na inaongeza kazi kwa ini lililokwisha kuumia.

Yule ambaye alikuwa na homa au kuharisha katika juma hilo hasafiri kucheza. Anaweza kuja kushangilia akitaka. Najua kuna wazazi watakaoficha ili mtoto asiachwe, na nawasihi msifanye hivyo, kwani mwili uliotoka kwenye malaria ndio unaoanguka kwanza.

Adhabu ya kuzungushwa kiwanja kwa aliyechelewa, na ile ya kunyimwa maji mpaka afunge goli, zimeondolewa katika timu zote mbili tangu leo. Kocha mmoja mzee aliniambia kwamba wao walikatazwa maji ili wakomae. Nilimjibu kwa heshima kwamba waliokomaa ndio waliobaki kusimulia.

Baada ya hapo yaliulizwa maswali, nami naandika mawili.

Baba mmoja aliuliza juu ya wale wanaofunga Ramadhani, maana kule Rumonge na hapa kambini Waislamu ni wengi. Nilisema kwamba safari hii haiingii katika mfungo. Lakini mwezi huo ukifika, mazoezi yawe mepesi, yaanze kama dakika 40 kabla ya kufuturu ili maji yafuate mara moja, au yafanyike baada ya futari. Mazoezi ya nguvu ya saa tisa ya mchana hayafai kwa kijana aliyefunga.

Mama mmoja aliuliza: mtoto aliyepatwa na kiharusi cha joto akapona, arudi lini? Hata akiamka kesho anacheka, asifanye mazoezi kwa siku saba angalau, na asirudi bila ruhusa ya muuguzi, kwa sababu figo na ini vinaweza kuwa vimeumia bila yeye kusikia maumivu. Akiruhusiwa, anaanza upya kama mgeni wa joto: dakika chache, asubuhi, na kuongeza kidogo kidogo kwa majuma mawili. Muuguzi wa zamu atakuwa na orodha ya majina ya wanaosafiri, na mizani itakuwa pale ofisini kwake kuanzia Jumatatu saa nane mchana.